Maziwa ya mzazi yenye mayai: je, maziwa ya moto yanatosha kuivisha yai?

Dada wa Ngamiani

Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu amejifungua siku sita zilizopita, yuko hapa kwetu Tanga, na mama mkubwa ndiye anayemhudumia. Kila alfajiri na kila usiku anamtengenezea maziwa ya mayai, yale yale aliyotupa sisi wote tulipojifungua.

Anafanya hivi. Anavunja mayai mawili ya kienyeji kwenye kikombe kikubwa cha udongo, anatia asali vijiko viwili, pilipili manga ya kutwanga na hiliki, anayapiga kwa uma mpaka yatoe povu. Maziwa yakishafura anayatua, anasubiri kidogo ili mayai yasigande mabonge, halafu anayamimina taratibu huku anakoroga. Mwisho anatupia samli kijiko cha chai, na mzazi anakunywa yakiwa bado yanatoa moshi.

Juzi niliosha kile kikombe nikakuta ute mweupe umeshika chini, unavutika kama kamasi. Nimekosa amani tangu hapo. Nikimuuliza mama mkubwa ananijibu, "Maziwa yametoka motoni, mwanangu, yai limeshaiva." Sitaki kumvunjia heshima, na kinywaji chenyewe mdogo wangu anakipenda, ndicho kinachompa hamu ya kula kingine. Naomba kujua mambo mawili tu. Kweli yai linaiva kwa namna hiyo? Na kama haliivi, nitengenezeje libaki kinywaji kile kile bila kugeuka mayai ya kukaanga ndani ya maziwa?

Mzee Chungu

Hongereni kwa mtoto, binti yangu. Usiwe na wasiwasi. Maziwa yakifura yana joto la kutosha kuunguza ulimi, seuze yai. Halafu umesema ni mayai ya kienyeji. Ugonjwa uko kwenye haya mayai ya kisasa, kuku wanaobanwa bandani. Mama zetu wamekunywa hivyo miaka yote na wametuzaa wengi. Cha muhimu yaoshe mayai vizuri kabla ya kuvunja, maana uchafu uko kwenye ganda. Na ukitaka uhakika zaidi litie kwenye bakuli la maji, likizama ni zima, likielea litupe.

Mpishi wa Zamu

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa heshima, maana kazi yangu kwa miaka kumi na moja ni vitamutamu hotelini Unguja, na mayai na maziwa ndiyo ninayoshinda nayo.

Kwenye ganda uko sahihi nusu. Salmonela hukaa kwenye kinyesi na hushika ganda. Lakini kuna aina yake moja inayoingia kwenye mfuko wa mayai wa kuku mwenyewe, na yai linatoka likiwa tayari nayo ndani, ganda halina ufa, halina doa. Yai hilo huwezi kulijua kwa macho, kwa harufu wala kwa kulizamisha. Yai linaloelea limekaa siku nyingi, ndani kumeingia hewa. Hilo ndilo jambo pekee bakuli la maji linalokuambia. Kuku wa kienyeji anayechakura jalalani anaipata kama mwingine yeyote. Na kuosha nako kuna mtego: ukiloweka yai kwenye maji ya baridi, linasinyaa ndani na kuvuta maji kupitia vitundu vya ganda, pamoja na kilichomo kwenye maji. Likiwa chafu lifute kwa kitambaa kikavu, au lioshe kwa maji ya uvuguvugu kisha lipike papo hapo.

Sasa dada, swali lako. Nina kipimajoto cha kuchoma, kile cha sindano. Leo jioni nikitoka kazini nitatengeneza kama alivyotengeneza mama mkubwa, nikupe namba.

Mwanakwaya

Samahani kwa kuingilia. Mimi naimba sauti ya kwanza, na kabla ya ibada huwa nameza yai bichi na asali ili koo lilainike. Ninyi mnasema halifai? Mbona sauti inafunguka?

Nesi wa Zahanati

Mwanakwaya, yai ukilimeza haligusi nyuzi za sauti hata kidogo. Linapita njia ya chakula, na sauti iko njia ya hewa. Unachosikia ni koo kulowana na asali kutuliza mkwaruzo. Maji ya uvuguvugu na hiyo asali yatakupa kilekile bila yai.

Dada wa Ngamiani, nikuongezee la upande wangu. Mtu akipata salmonela huanza kuumwa kati ya saa sita na siku tatu baada ya kula. Ni homa, tumbo la kukata, kuharisha, mara nyingine kutapika. Mtu mzima mwenye nguvu zake hulala siku nne mpaka saba akainuka. Mzazi wa siku sita ni mwingine. Ametoka kupoteza damu, ananyonyesha, na maji yakimtoka kwa kuharisha maziwa ya mtoto nayo yanapungua. Tena homa kwa mzazi wiki hizi za mwanzo ina sababu nyingi nzito, kwa hiyo akipata homa msikae nyumbani mkidhani ni tumbo tu. Mpelekeni apimwe siku hiyo hiyo, na mseme kama amekunywa mayai mabichi.

Na hiyo asali iishie kwa mama. Kuna watu humlambisha mtoto kidole cha kinywaji cha mzazi. Mtoto asipewe asali kabla hajatimiza mwaka, hata iliyochanganywa kwenye maziwa ya moto, kwa sababu kuna mbegu za sumu ya kulegeza misuli zinazokaa kwenye asali na haziuawi na kuchemsha kwa kawaida.

Mpishi wa Zamu

Nimerudi. Nimetengeneza mara tatu, robo lita ya maziwa kila mara, mayai yako joto la chumba.

Mara ya kwanza nimemfuata mama mkubwa. Maziwa yalipofura kipimajoto kilisoma 97. Nimeyatua, nikasubiri dakika mbili, yakawa 86. Nikayamimina kwenye kikombe cha udongo chenye mayai mawili, nikikoroga. Nilipomaliza ilikuwa 61. Dakika tano baadaye 54. Na ule ute uliouona, nimeukuta nami, chini kabisa ya kikombe. Udongo ni baridi, unanyonya joto, na maziwa ya kwanza kushuka ndiyo yanayopoa zaidi. Pale chini yai halikupata hata hiyo 61.

Mara ya pili sikusubiri. Yai moja badala ya mawili, kikombe nimekisuuza kwanza kwa maji yanayochemka, na maziwa nimeyamimina yakiwa yanafura. Kikasoma 77, ute haukuwepo.

Mara ya tatu kila kitu kama ya pili, ila nimemimina kwa uzi mwembamba, taratibu, kama tunavyofundishwa ili yai lisishtuke. Imenichukua kama dakika moja. Kikasoma 70.

Kipimo tunachotumia jikoni kwa mchanganyiko wa maziwa na mayai ni 71. Ikifika hapo salmonela imekufa, huhitaji kuhesabu dakika. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: kwa namna anavyofanya mama mkubwa, hapana, yai halijaiva. Limepashwa moto. Mayai mawili, kikombe baridi na kule kusubiri, kila kimoja kinaiba joto lake. Ukiviondoa vyote vitatu unaweza kuvuka, lakini unavuka kwa bahati, maana siku ukitumia yai lililotoka kwenye friji au ukachelewa kidogo unarudi chini.

Mbeba Trei wa Birmingham

Mpishi, nakuheshimu, ila hapo kwenye 71 umekaza sana. Mimi niko Birmingham, nafanya kazi kiwanda cha keki, tunapokea mayai ya majimaji kwenye madumu. Hapa Uingereza yanapitishwa kwenye nyuzi 64 na kidogo kwa dakika mbili na nusu tu. Marekani wanaenda 60 kwa dakika tatu na nusu. Na bado ni mabichi, yanaumuka vizuri kabisa. Sasa kikombe cha mama mkubwa kimefika 61 na kimekaa dakika kadhaa kwenye joto hilo. Huoni kama ameshafanya kazi ile ile ya kiwanda?

Tena huku mayai yenye chapa ya simba tunaruhusiwa kuyala mabichi. Tangu 2017 shirika la viwango vya chakula limesema hata wajawazito na watoto wadogo wanaweza.

Mpishi wa Zamu

Hoja yako nimeiona, na si ya kupuuza. Joto la chini kwa muda mrefu linaua kama joto la juu kwa muda mfupi. Ila soma tena namba zangu. Kikombe hakikukaa 61. Kilianza 61, kikawa kinashuka kila dakika, na chini kulikuwa baridi zaidi. Kiwandani kila tone linapita kwenye bomba na linashikwa kwenye joto hilo mpaka muda uishe. Halafu ile 60 ni ya yai tupu. Ukitia sukari, asali na mafuta bakteria wanakuwa wagumu zaidi kufa, ndiyo maana mayai ya kiwandani yaliyotiwa sukari hupandishwa joto zaidi. Kikombe chetu kina asali, samli na mafuta ya maziwa.

Chapa ya simba ni mayai ya kuku waliochanjwa na kufuatiliwa shamba hadi sokoni. Yai la gengeni Ngamiani halina historia hiyo, huwezi kulipa ruhusa ya yai la Birmingham.

Mbeba Trei wa Birmingham

La sukari nalikubali, hata kwetu madumu yenye sukari yana karatasi yake tofauti. La kushuka kwa joto bado nina shaka nalo. Nadhani kikombe kizito chenye mfuniko, kilichopashwa moto kwanza, kingeshikilia dakika hizo tatu. Siku nikipata kipimajoto nitajaribu na mfuniko.

Mama Zubeda

Mimi hilo la maziwa na mayai lilinishinda kabisa. Nilimtengenezea mume wangu alipokuwa na mafua. Maziwa moto, yai moja, tangawizi mbichi nimeikuna na kuikamulia humo. Niliinamia kikombe nikaona maziwa yamekatika, maji ya kijani kijani pembeni na mtindi katikati. Nikajua yai limeganda. Tangu hapo nikitaka mayai nachemsha kivyake.

Mpishi wa Zamu

Mama Zubeda, lile halikuwa yai. Ni tangawizi.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kinafanya kazi vizuri zaidi maziwa yakiwa ya moto wa kati, kati ya 60 na 70, yaani pale pale unapotaka kunywa. Wachina wana kitamutamu kizima kinachotengenezwa kwa maziwa ya moto na maji ya tangawizi tu, hakuna yai wala gelatini, na kinaganda kama kastadi laini.

Tofauti unaijua hivi. Yai likiganda unapata chembechembe za njano, ngumu kidogo, zinazokwaruza ulimi, na harufu inakuwa ya yai la kuchemsha. Tangawizi ikigandisha unapata bonge jeupe, laini, linalotetemeka, na maji yake yanajitenga.

Dawa yake nyepesi. Ichemshe tangawizi kwenye maji, nusu kikombe, kama dakika tano, ndipo uyatie maziwa. Kuchemka kunakiua kile kimeng'enya. Au tumia tangawizi kavu ya unga, iliyochemshwa humo humo.

Mnyanyua Vyuma

Wakuu, sisi nyuma ya gereji tuna gym yetu, kila asubuhi napiga mayai manne mabichi na maziwa baridi kwenye blenda. Nyinyi mnaongelea magonjwa, mimi naongelea nguvu. Yai likipikwa si protini inakufa?

Nesi wa Zahanati

Kaka, ni kinyume chake. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili kwa watu mwaka 1998. Protini ya yai lililopikwa mwili uliifyonza kwa takribani asilimia 90, ya yai bichi takribani asilimia 50. Joto linaikunjua protini ili tumbo liweze kuikata. Katika mayai yako manne, kama mawili yanapita bure.

Mnyanyua Vyuma

Duh. Nusu? Na bei ya trei ilivyo sasa. Asante nesi, kesho nayachemsha.

Kaunta ya Mombasa

Nimefurahi kuona uzi huu. Nimefanya kazi ya kaunta hoteli za pwani ya kaskazini, na kila Desemba wageni wanaulizia egnogi: maziwa, krimu, viini vya mayai, sukari, kungumanga, na ramu au brandi. Wenzangu wengi huamini pombe inaua kila kitu, kwa hiyo wanapiga mayai mabichi, wanamimina ramu na kupeleka mezani saa ile ile. Hiyo si kweli. Pombe inahitaji muda. Maabara moja ya Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, ilitia salmonela makusudi kwenye egnogi kali, ikaiacha kwenye friji. Baada ya wiki moja bakteria walikuwa bado wapo. Baada ya wiki tatu hawakuonekana tena. Na ile ilikuwa kali kweli, pombe kama asilimia 20. Glasi ya hoteli yenye kipimo kimoja cha ramu kwenye maziwa tele haifiki hata nusu ya hapo.

Mimi naivisha kwanza maziwa na viini mpaka 75, napoza kwenye karai la barafu, ndipo natia ramu. Ikipoa inakaa kwenye friji siku mbili, ya tatu naimwaga.

Dada wa Ngamiani

Asanteni sana nyote. Mpishi, nimekuelewa, na ile 61 imenitisha. Lakini sina kipimajoto, na hapa Tanga sijui nitakipata duka gani leo. Nifanyeje kwa macho na mwiko tu? Pili, nikisema niyarudishe jikoni, mama mkubwa ataniambia yataganda, na ni kweli nimewahi kuyaona yakiganda.

Mpishi wa Zamu

Dada, kuna njia mbili. Nakueleza zote, uchague.

Ya kwanza ni ya kuivisha bila kuchemsha. Nusu lita ya maziwa, mayai mawili, sukari vijiko viwili vya chakula. Asali iache pembeni, utaitia mwisho. Chemsha maziwa na viungo vizima: hiliki nne ulizozipasua, kijiti cha mdalasini, pilipili manga kiasi cha ncha ya kijiko. Yafure, yatue, yachuje. Mayai yapige na sukari kwenye bakuli mpaka usione uzi wa ute ukiinua uma. Hapo usiwe na haraka, ute usiopigwa vizuri ndio unaoganda mapema na kukuachia nyuzi nyeupe. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, umimine kwenye mayai huku unakoroga, kisha upawa wa pili. Sasa mayai yamezoea joto. Ndipo umimine bakuli lote ndani ya sufuria ya maziwa, na hapa ndipo tunapoachana na mama mkubwa: sufuria inarudi motoni.

Moto uwe mdogo kabisa. Kama ni mkaa, tandaza majivu juu, au weka sufuria yako juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka taratibu. Koroga kwa mwiko wa mbao, ukikwangua chini na kwenye pembe, kwa sababu yai linaganda chini kwanza. Angalia povu. Mwanzoni uso wote umejaa povu dogo dogo. Joto likipanda lile povu linapungua, linakuwa kubwa, linapotea, na uso unang'aa. Moshi unaanza kupanda kwa wingi. Inua mwiko, ugeuze mgongo wake, upitishe kidole katikati. Mstari ukibaki bila kujifunga, umeshavuka 71, uko karibu na 77 au 80. Tua saa hiyo hiyo, mimina kwenye chombo kingine, maana sufuria yenyewe ina joto la kuendelea kuivisha. Ukiyaacha yafike 85 yanaganda.

Nikuambie ukweli wake. Kwa mayai mawili kwenye nusu lita, ule utando kwenye mwiko ni mwembamba, na asiyezoea anaweza kudhani umefika kumbe bado. Wanafunzi wangu wanakosea hapa wiki nzima ya kwanza. Kwa mzazi, na bila kipimajoto, nisingekushauri uanze na hii.

Ya pili ni uji. Chukua unga laini wa mchele vijiko viwili vya chakula, ukoroge na maziwa ya baridi kidogo pamoja na mayai na sukari mpaka visibaki vidonge. Ongeza maziwa ya moto taratibu kama kule juu, rudisha jikoni, koroga bila kuacha. Unga unaivua protini ya yai ile haraka ya kushikana, kwa hiyo mchanganyiko unavumilia kuchemka. Na unauacha uchemke kweli, utokote vile viputo vizito, kama dakika moja. Hapo huna haja ya kipimajoto, kinachotokota kimepita 90. Ndivyo kastadi ya kujaza keki inavyotengenezwa.

Usiutoe kabla haujatokota kwa sababu nyingine tena. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokata wanga. Kisipouawa na moto, uji unaonekana mzito saa ya kuutua, ukirudi baada ya saa moja umekuwa maji. Ukiona hivyo ujue haukuchemka.

Ukiona mzito mno kwa kunywa, punguza kwa maziwa yaliyochemka, usipunguze unga, maana unga ukiwa kidogo sana haulindi yai. Pilipili manga, asali na samli vitie ukishatua, asali ikipoa kidogo.

Mzee Chungu

Mpishi, hiyo ya uji nimeipenda. Marehemu mama alikuwa akitupa uji wa mchele wa pilipili manga wenye yai ndani, nadhani ndio huo huo. La bakuli la maji nimelipokea pia, sikujua. Ila bado nasema la kienyeji lina ladha yake, hilo msinipokonye.

Nesi wa Zahanati

Jambo moja dogo kabla ya kusahau. Yale ya usiku mara nyingi yanatengenezwa saa mbili, yanatiwa kwenye chupa ya chai, mzazi anayanywa saa nane akiamka kunyonyesha. Kwa maziwa na mayai hiyo si salama kama chupa si nzuri. Kinywaji kinashuka polepole mpaka kwenye uvuguvugu na kukaa hapo saa nyingi, na uvuguvugu ndio bakteria wanaoutaka. Suuza chupa kwa maji yanayochemka, mimina kinywaji kikiwa kimetoka motoni. Akifungua usiku na hakimchomi midomo, asikinywe. Cha kubaki mpaka asubuhi kimwagwe, kukichemsha upya hakusaidii, kuna sumu ambazo bakteria wakishaziacha hazifi kwa moto.

Dada wa Ngamiani

Nimerudi na mrejesho. Jana jioni nimemwambia mama mkubwa kwamba nataka anifundishe kutengeneza, nikaomba tuujaribu na unga wa mchele kidogo ili mzazi ashibe usiku. Amekubali. Mayai ameyapiga yeye mwenyewe, mimi nimeshika mwiko.

Mara ya kwanza moto ulikuwa mkali, chini kukashika, nikapata chembe za njano upande mmoja. Tumeuchuja, mdogo wangu amekunywa. Leo alfajiri tumepunguza mkaa. Umetokota vizuri, laini kabisa, nimehesabu mpaka sitini. Kikombe nimekiosha mwenyewe, hakina ute.

Limebaki moja. Mama mkubwa anasema unanuka yai kuliko ule wake, na ni kweli, kuna shombo kidogo. Hiliki nimetia sita badala ya nne, bado naisikia. Mpishi, hiyo shombo inatoka wapi?

Mpishi wa Zamu

Inatoka kwenye ute mweupe ukipikwa sana. Tumia viini vitatu badala ya mayai mawili mazima, ute ukaange kando ale mwingine. Na hiliki itie mara mbili, nusu ichemke na maziwa, nusu uitwange na kuinyunyiza ukishatua, kwa sababu harufu yake inapotea motoni.

Mama Zubeda

Mimi hutia ganda la chungwa linachemka na maziwa, kipande kama kidole, ile sehemu ya rangi bila weupe. Kwenye pudini ya mayai shombo inaisha kabisa. Jaribu, dada, utuambie.

Dada wa Ngamiani

Viini vitatu na ganda la chungwa, usiku huu huu. Machungwa ya Muheza yapo hapa mezani.